Kadi ya harusi yenye QR: ni nini hasa kinachokaguliwa mlangoni

Siku hizi kadi nyingi za mwaliko wa harusi katika miji ya Tanzania zinafika kwa WhatsApp. Ni picha yenye majina ya maharusi, ukumbi, saa, maelezo kama kadi ni ya singo au ya dabo, na chini kabisa mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe. Mlangoni anasimama mwanakamati mwenye simu, pembeni yake baunsa. Mgeni anaonyesha kadi, simu inalia, anapita.

Wengi wanaamini kwamba ule mraba wenyewe ndio ulinzi, kwamba umechorwa kwa namna isiyoigika. Sivyo. Picha ya kadi inanakiliwa kwa sekunde moja, na skrinshoti iliyosambazwa kwenye kundi la ukoo inasomeka sawasawa na ile aliyotumiwa mgeni mwenyewe. Kamera haina njia ya kujua ipi ni kadi na ipi ni nakala yake. Kinachomzuia mtu wa pili ni orodha iliyo nyuma ya kamera, yaani kumbukumbu ya nani amealikwa na nani ameshaingia. Kamati ikilielewa hilo mapema inaweza kupanga mlango vizuri, hata bila kununua huduma ya gharama. Isipolielewa, itanunua mfumo mzuri na bado itagombana na wageni saa mbili usiku.

Tuchukue sherehe ya watu 400. Kamati imetoa kadi 280: singo 160 na dabo 120. Ukumbi una milango miwili, na mlango mmoja uko upande ambao mtandao unakatika. Sherehe hii ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho.

Kwanza, ndani ya ule mraba kuna nini? Kuna maandishi tu. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani na Denso Wave, wakati huo kikiwa kitengo cha kampuni ya Denso, mwaka 1994, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kazi yake ni kubeba herufi na tarakimu nyingi katika eneo dogo, tofauti na mistari iliyo kwenye pakiti ya sabuni dukani, ambayo kwa kawaida hubeba tarakimu 13 na basi. Msimbo haujui kwamba ni kadi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuusoma na kuona kilichoandikwa ndani. Kwa hiyo ukiandika humo jina la mgeni, namba yake ya simu na kiasi cha mchango wake, umevitangaza kwa kila atakayeiona hiyo picha. Hizo habari hazina kazi humo. Kinachotakiwa ni alama moja fupi, isiyofanana na ya kadi nyingine, ambayo peke yake haimwambii mtu kitu.

Kosa linalojirudia ni kuzipa kadi namba za mfululizo: 001, 002, 003. Mgeni mwenye kadi namba 057 akiisoma kwa simu yake ataona 057, na hahitaji elimu kubwa kujua kwamba 058 nayo ipo. Kutengeneza msimbo wa QR wa 058 ni kazi ya dakika moja kwenye tovuti yoyote ya bure. Mwenye 058 halisi atakapofika ataambiwa kadi yake imeshatumika, na hakuna atakayejua kilichotokea.

Dawa yake ni rahisi. Alama ya kila kadi iwe na herufi nane, ya kwanza ikiwa ya mlango, A au B, na saba zilizobaki zimechaguliwa kwa bahati nasibu na kompyuta. Toa herufi I na O pamoja na tarakimu 0 na 1, kwa sababu zinachanganyika zikisomwa kwa macho. Unabaki na herufi 24 na tarakimu 8, jumla 32. Nafasi saba zenye chaguo 32 kila moja zinatoa alama tofauti zaidi ya bilioni 34. Katika hizo kamati inatumia 280 tu, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja katika zaidi ya milioni 120. Alama kama `A7KM4XPR` inatosha kabisa.

Sasa orodha. Makampuni ya kadi yana programu zao, na nyingi ni nzuri, lakini ili kuona zinavyofanya kazi tuijenge wenyewe kwenye Google Sheets. Ukurasa wa kwanza tuuite Orodha: safu ya A ni alama, safu ya B ni jina lililo kwenye kadi, safu ya C ni nafasi, yaani 1 kwa singo na 2 kwa dabo. Ukurasa wa pili tuuite Mlango: safu ya A inapokea kila kinachosomwa na kamera, na safu ya B inajibu. Kwa simu za Android zipo kibodi zenye kitufe cha kuskani, ambazo huandika kilichosomwa moja kwa moja kwenye seli. Fomula ya seli B2, ambayo utaishusha hadi mstari wa 600 kabla ya siku yenyewe, ni hii:

```
=IF(A2="","",IFERROR(IF(COUNTIF(A$2:A2,A2)>VLOOKUP(A2,Orodha!A:C,3,FALSE),"IMEJAA","KARIBU "&VLOOKUP(A2,Orodha!A:C,2,FALSE)),"HAIPO"))
```

Inafanya mambo mawili. Inaitafuta alama kwenye Orodha, na isipoiona inaandika HAIPO. Ikiiona, inahesabu alama hiyo imesomwa mara ngapi hadi mstari huo, kisha inalinganisha na nafasi za kadi. Hesabu ikizidi nafasi inaandika IMEJAA. Isipozidi inaandika KARIBU pamoja na jina. Hata mfumo wa kulipia, kwa kiini chake, haufanyi zaidi ya hapo. Herufi ya kwanza ya alama ina faida nyingine hapa: alama ikianza na tarakimu na ikawa na E katikati, kama 2345E67, Google Sheets inaweza kuidhani ni namba ya kisayansi na kuibadilisha. Ikianza na A au B haiguswi.

Zingatia jinsi dabo inavyohesabiwa. Mifumo mingi huichukulia kadi kama kitu kimoja: imesomwa, imeisha. Kwa singo hakuna tatizo. Kwa dabo, baba akitangulia kwa sababu ni mwanakamati na mama akaja baadaye na watu wa saluni, mama anakuta kadi imefungwa ingawa nafasi yake haijatumiwa na mtu. Orodha inapaswa kuhesabu vichwa, si kadi. Ndiyo maana fomula yetu inataka kila anayeingia asomwe mara moja: wawili wakija pamoja kadi inaskaniwa mara mbili, na mmoja akija peke yake inaskaniwa mara moja, nafasi ya pili ikabaki inamsubiri mwenzake. Ukinunua huduma, hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, na usikubali jibu la mdomo. Mwambie akupe kadi moja ya dabo uijaribu kwenye simu mbili.

Kuhesabu vichwa kunaleta hatari yake. Programu nyingi za kuskani hubaki zimefungua kamera mfululizo. Mgeni akichelewa kuondoa simu yake mbele ya kamera, msimbo unasomwa tena sekunde mbili baadaye bila mtu kukusudia. Kwa mgeni wa singo, skrini inaandika KARIBU kisha papo hapo IMEJAA, na mwanakamati anayeona neno la mwisho tu anamzuia mtu halali. Kwa dabo ni vibaya zaidi, maana nafasi ya pili inaliwa kimya kimya na hakuna anayegundua mpaka mwenzake afike. Kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio ya programu sehemu ya kuzuia kusoma msimbo uleule ndani ya sekunde chache, au tumia namna ya kubonyeza kitufe kwa kila usomaji.

Saa ya usomaji wa kwanza ndiyo itakayokuambia ukweli. Kadi ikigoma, angalia mara ya kwanza ilisomwa lini. Ikiwa ni sekunde chache zilizopita, kwenye mlango huohuo na bila mtu mwingine kupita katikati, kamera imesoma mara mbili: futa mstari wa mwisho na umpitishe mgeni. Ikiwa ni dakika ishirini zilizopita, kuna mtu ameshaingia kwa kadi hiyo, na hilo linahitaji mazungumzo, si kufuta. Google Sheets haiandiki saa yenyewe unapotumia fomula hii, lakini mpangilio wa mistari unakuonyesha: usomaji wa kwanza uko mstari wa juu yake tu, au uko mistari hamsini nyuma. Programu nyingi za tiketi huonyesha saa kamili. Isiyoonyesha saa wala jina, ikatoa rangi nyekundu tu, inamwacha mlinda mlango bila cha kumweleza mgeni.

Hilo jina baada ya KARIBU nalo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Orodha inamzuia anayekuja wa pili, ila haimzuii asiyestahili akiwahi kufika kwanza na skrinshoti ya mwenzake. Kinga pekee ni kumuuliza jina kabla ya kumwonyesha skrini: "Shikamoo mama, kadi imeandikwa jina la nani?" Anayeitumia kadi yake anajibu bila kufikiri. Aliyeiokota kwenye kundi la WhatsApp anaanza kuitafuta picha alisome. Swali hilo linachukua sekunde tatu, halimvunjii mtu heshima, na linakamata kile ambacho hakuna kamera inayoweza kukikamata.

Tuje kwenye milango miwili. Simu zote mbili zikiwa na intaneti na kusoma orodha moja, kadi iliyotumika mlango A inakataliwa mlango B mara moja. Intaneti ikikatika kwenye mlango mmoja, simu ya pale inabaki na orodha ya mwisho iliyoipata. Haijui kinachoendelea upande wa pili. Skrinshoti ileile itapita A na itapita B, na simu zote mbili zitasema KARIBU kwa uaminifu wote.

Hapa wauzaji wa mifumo huleta jibu linalovutia: misimbo yenye saini ya kidijiti. Maana yake ni kwamba ndani ya msimbo, pamoja na alama, kuna mfuatano wa herufi uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri, na simu inaweza kuthibitisha bila intaneti kwamba kadi ilitolewa na mwenye ufunguo. Ni kweli, inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini inajibu swali moja tu, kama kadi ni halali. Haiwezi kujibu kama imeshatumika, kwa sababu saini haibadiliki kadi inapotumika, na nakala inabeba saini ileile. Maswali hayo mawili hayafanani, na anayekuuzia jibu la swali la kwanza kana kwamba ni jibu la swali la pili hajakusaidia kwenye mlango usio na mtandao.

Njia isiyotegemea mtandao ni kuhakikisha kila kadi ina mlango mmoja tu. Ndiyo kazi ya ile herufi ya kwanza. Wageni wa upande wa bibi harusi wapewe alama zinazoanza na A, wa upande wa bwana harusi B, na kadi iandikwe waziwazi "Mlango A" au "Mlango B". Kila simu ibebe faili lake lenye wageni wa mlango wake tu, likiwa limewekwa tayari kutumika bila intaneti tangu nyumbani. Mgeni wa A akienda B simu itasema HAIPO, mwanakamati ataiona herufi A kwenye kadi na kumwelekeza upande wa pili. Simu mbili hazihitaji tena kuzungumza, kwa sababu hakuna kadi iliyo kwenye zote mbili. Wawili wenye kadi moja ya dabo wako mlango mmoja, hata wakija kwa nyakati tofauti. Kama kuugawa ukoo namna hiyo kutaleta maneno, gawa kwa namba za meza.

Mengi ya yanayoitwa "mfumo umegoma" si ya mfumo. Ni picha isiyosomeka. Kamera ya simu inapotafuta QR, kwanza inageuza kila kitu kuwa mwanga na giza, kisha inatafuta ile miraba mitatu ya pembeni. Ukipita katikati ya mraba mmojawapo kwa mstari wowote, upana wa nyeusi na nyeupe unafuatana kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, na ndivyo simu inavyotambua kwamba hii ni QR na imelalia upande gani. Hivyo basi kitu cha kwanza kuharibu usomaji ni mbunifu wa kadi. Anataka msimbo wa rangi ya dhahabu juu ya krimu uendane na sare za kamati. Kwa jicho unapendeza, lakini kwa kamera dhahabu na krimu zina mwanga unaokaribiana, na taa za ukumbi zikigeuka zambarau tofauti inapungua zaidi. Msimbo uwe mweusi au wa rangi nzito kabisa juu ya nyeupe. Usigeuzwe kuwa mweupe juu ya nyeusi, maana baadhi ya programu hazisomi hivyo. Uachiwe ukingo mweupe kuuzunguka, wenye upana wa angalau vidoa vinne. Ua la mapambo likigusa moja ya ile miraba mitatu, usomaji unaweza kushindikana kabisa.

Watu husema QR ina uwezo wa kujirekebisha, na ni kweli: kuna viwango vinne, na cha juu kinaweza kurudisha hadi takribani asilimia 30 ya data iliyoharibika. Uwezo huo unalinda maandishi yaliyo ndani. Hauilindi ile miraba ya pembeni, ambayo simu inaihitaji kabla haijaanza kusoma chochote.

Ufupi wa alama nao unalipa hapa. Herufi kubwa na tarakimu nane zinaingia kwenye msimbo mdogo kuliko yote wa QR ya kawaida, wa vidoa 21 kwa 21, tena kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha. Ukiweka anwani ya tovuti yenye herufi 60 unahitaji vidoa 33 kwa 33 kwa kiwango cha kati tu. Kwenye picha ya kadi ukubwa wa mraba haubadiliki, kwa hiyo vidoa vinakuwa vidogo zaidi, na WhatsApp inapoibana picha ili iwe nyepesi, vidogo ndivyo vinavyoanza kufifia na kuungana. Msimbo mfupi, uliochukua angalau theluthi ya upana wa kadi, utasomeka hata baada ya kusambazwa mara kadhaa.

Yanayobaki ni ya mlangoni. Skrini ya mgeni iliyofifia ili kutunza chaji ni sababu ya kawaida, na inaisha kwa kuongeza mwanga. Protekta za faragha zinazoficha skrini kwa wanaotazama kutoka pembeni zinataka simu ielekee kamera moja kwa moja. Mwanakamati akisogeza kamera karibu mno, picha inakuwa ukungu: arudi nyuma hadi kama sentimita 15 au 20 na kuiacha kamera itulie. Tochi ni ya kadi za karatasi. Kwenye kioo cha simu inarudisha mng'ao unaofunika vidoa. Chini ya msimbo ziandikwe zile herufi nane zisomeke kwa macho, ili msimbo ukikataa kabisa alama iandikwe kwa mkono na fomula ijibu vilevile.

Muda nao uhesabiwe. Tukichukua sekunde 10 kwa kadi, pamoja na salamu na swali la jina, kadi 280 kwenye mlango mmoja ni sekunde 2,800, karibu dakika 47. Milango miwili inashusha hadi dakika kama 23, ikiwa wageni wamegawanyika sawa. Kinachokula sekunde hizo si kamera, ambayo hutumia chini ya moja. Ni mgeni anayeanza kuitafuta kadi kati ya jumbe mia tatu akiwa ameshafika mbele. Kijana mmoja atembee kwenye foleni akiwaambia watu wafungue kadi na kuongeza mwanga wa skrini, na foleni itakwenda haraka kuliko ukiongeza simu ya tatu.

Mlinda mlango asiachiwe uamuzi wa IMEJAA. Amwombe mgeni asogee kwenye meza ya pembeni, foleni iendelee, na pale akae mwanakamati anayezijua familia zote mbili na mwenye nafasi chache za akiba, tuseme kumi. Yeye ndiye atakayempigia mwenye kadi na kumpa shangazi nafasi ya akiba. Orodha ya mlangoni isibebe namba za simu za wageni wala michango yao. Hizo zikae kwake peke yake.

Mpishi anayedai kwa sahani naye atataka kujua idadi. Kwenye kila faili la mlango, seli moja inatosha:

```
=COUNTIF(B2:B600,"KARIBU*")
```

Jumlisha A na B, ongeza waliopitia meza ya pembeni, na una idadi ya waliomo ukumbini kwa dakika ile, kabla chakula hakijaanza kupakuliwa.